Siku Shamba Liliposema Nimeacha Kazi

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa nafunga vidonda katika dispanseri ya shamba moja la chai huko Masisi. Mama yangu alipofariki, msimamizi wa shamba alinipa ruhusa ya siku kumi nikamzike upande wa Walikale. Tulikuwa ndiyo kwanza tumemaliza matanga wanajeshi wakafunga barabara. Waliojaribu kupita walirudishwa, na wawili kati yao hatukuwaona tena. Nilikaa kule wiki saba, nikilala na viatu miguuni.

Siku moja katekista aliniletea barua kutoka shambani, imechakaa kwa kupita mikono mingi. Ilinitaka nirudi ndani ya siku nane au nieleze kwa nini sipo. La sivyo, wangehesabu kwamba nimeacha kazi. Nilitazama tarehe. Siku nane zilikuwa zimekwisha zamani. Nyumba nilimowaacha watoto na dada yangu ilikuwa ya shamba, na asiye na kazi hakukaa humo.

Nilikwenda ofisi ya serikali nikaomba karatasi yenye muhuri, inayosema barabara imefungwa tangu siku gani. Njia ilipofunguliwa niliondoka na watu wa kwanza. Kila kizuizi cha wanajeshi nilikipita nikionyesha karatasi ile.

Msimamizi hakuniambia nikae.

"Mama, wewe mwenyewe uliacha kazi. Tuliandika, ukanyamaza."

"Sikunyamaza, Papa. Barua ilinikuta siku zimepita. Barabara ilikuwa imefungwa."

"Kila muntu anasema vile."

Nilimpa karatasi, akanirudishia bila kuisoma. Alisema nyumba iwe tupu Jumamosi.

Kesho yake nilipanda lori la chai hadi Goma, kwa mkaguzi wa kazi wa serikali. Nilijua nikishindwa pale, sina pengine pa kwenda. Alisoma barua na karatasi yangu, kisha akamwita msimamizi, tukasimama wote wawili mbele yake.

"Huyu mama alisema wapi kwamba anaacha kazi?" alimuuliza.

"Hakusema. Hakuonekana tu."

"Kutoonekana peke yake haitoshi. Ulimuita, ni vizuri. Lakini wito ulichelewa kumufikia, na njia haikufungwa na yeye. Kazi yake ilisimama, haikuvunjika." Kisha akanigeukia mimi. "Kama njia ingekuwa wazi na barua imefika, halafu ukae kwenu kimya, ningesema mengine."

Nilirudi dispanseri wiki iliyofuata. Wiki saba zile hazikulipwa, kwa kuwa sikuzifanyia kazi. Nyumba yetu ilikuwa imekwisha kupewa familia nyingine, tukapewa chumba nyuma ya ghala. Msimamizi alikuwa ananisalimia kwa heshima, na heshima ile, ya mtu anayengoja ukosee, ndiyo iliyonitisha zaidi. Watoto waliniuliza kama wafungue mizigo. Niliwaambia wangoje kwanza.