Saa Moja ya Maji

Mimi hesabu ya saa niliipata kwa fimbo. Mwalimu wetu wa shule ya msingi, hapa hapa Karatu, aliandika ubaoni: basi limeondoka saa kumi, safari ni saa tano, litafika saa ngapi? Nikajibu saa kumi na tano. Alinichapa mapajani mpaka nikashindwa kukaa, kisha akasema, saa haina kumi na tano, ukipita kumi na mbili toa kumi na mbili, uanze upya. Kumi na tano toa kumi na mbili, tatu. Limefika saa tatu. Yule mwalimu simpendi mpaka leo, lakini hesabu yake haijawahi kunitoka.

Nikaja kuolewa Endabash, kwa watu wa vitunguu. Shamba letu na la shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, yanapakana na yananywa mfereji mmoja. Maji ni ya zamu. Mwenyekiti wa mfereji anatangaza saa ya kufungua ya mtu wa kwanza, na kwamba kila mmoja ana saa tano. Basi. Saa ya kufunga anajitafutia mwenyewe, na anayefuata anafungua pale mwenzake anapoishia. Ndivyo walivyoukuta utaratibu, ndivyo wanavyouendesha.

Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza miaka yote. Anafungua saa kumi alfajiri, anafunga, anakwenda zake kunywa chai. Na miaka yote majaruba yake ya chini, vile vitalu vya mwisho kabisa, yalikauka. Maji yakikaribia kuyafikia, zamu imekwisha. Vitunguu vinabaki vidogo, majani ya njano, vya kulisha mbuzi.

Kwa hayo majaruba alimpiga mkewe.

Nasema alimpiga, sisemi walikosana. Dada huyo, maana nilimwita dada, ndiye aliyekuwa akiyaongoza maji ndani ya shamba, na shemeji alishajiridhisha kwamba anasinzia, kwamba anapiga soga, kwamba anaacha maji yapotelee juu. Kila baada ya zamu nilimsikia. Alimpiga kwa mkanda, kwa mpini, mara moja kwa koleo lenyewe la kuchepushia maji. Dada alivunjika mkono wa kushoto ukaungwa vibaya. Nilimwambia, dada, rudi kwenu Rhotia, utakufa hapa. Akanijibu, nikiondoka wanangu watabaki na nani? Halafu akasema neno lililoniuma kuliko yote. Akasema labda kweli mimi ni mzembe, maana mbona saa tano zinawatosha wengine.

Msimu huu mwenyekiti akabadilisha mpangilio. Sisi tukawekwa wa kwanza, shemeji anatufuata. Tukafungua saa kumi alfajiri, mume wangu akiwa juu kwenye mlango wa maji, mimi ndani ya majaruba, miguu imekufa ganzi kwa baridi ya huku kwetu. Kulikucha, jua likapanda, maji yakaanza kugusa jaruba la chini. Mara yakapungua. Yakawa uzi. Yakakatika.

Nikatazama simu. Saa mbili.

Nikapanda juu mbio. Mume wangu alikuwa ameenda kuziba tundu la panya mbele kidogo, na shemeji alikuwa ameshuka mferejini, ameweka viroba vya mchanga kwenye mlango wetu na kufungua wake. Mkewe kasimama ukingoni na koleo, jicho moja limevimba, kwa kosa gani sijui. Zamu yao ilikuwa haijaanza bado.

"Shemeji, bado tuna saa nzima," nikamwambia.

"Zamu yenu imekwisha. Hesabu." Akainua mkono usoni pangu, akakunja kidole kimoja kimoja. "Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Moja. Mbili. Vidole vitano, saa tano. Mnafunga saa mbili."

"Sisi tunafunga saa tatu."

"Mwanamke hanifundishi saa."

Sikubishana. Nilishuka nikang'oa kiroba cha kwanza. Nilipoinama kung'oa cha pili alinipiga kofi la sikio, nikaangukia majini, nikasikia mlio kama wa mashine ya kusaga. Nikainuka nikang'ata mkono wake. Ndiyo, niling'ata, na ningempata tena ningemng'ata tena. Ndipo mume wangu akaja anakimbia na jembe.

Watu wanasema ndugu wakigombana ni maneno tu. Hawakuwaona hawa. Walianza kutukanana kwa Kiiraqw, matusi ya mama mmoja aliyewazaa wote wawili, kisha wakashikana. Mume wangu alimpiga kwa mpini ubavuni, nikasikia mbavu zinalia. Shemeji akamnyang'anya lile jembe akalizungusha, na ukingo wa chuma ukampata mume wangu juu ya sikio. Aliketi ndani ya mfereji taratibu. Maji yakawa mekundu yakaenda hivyo hivyo kwenye vitunguu. Shemeji akainua jembe tena, na mimi nikamrukia shingoni, na majirani ndio waliotutenganisha, wanne hawakutosha.

Mwenyekiti alifika nimemfunga mume wangu kichwa kwa khanga yangu, damu inapita. Akauliza nani kaanza. Shemeji, anashika mbavu, akarudia vidole vyake mbele ya wote. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili, moja, mbili. Na nikaona wazee wawili wanatikisa vichwa kukubali, maana nao wanahesabu hivyo hivyo. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka.

"Shemeji," nikasema, "mwenyekiti akikupa saa moja tu, ukafungua saa kumi, unafunga saa ngapi? Hesabu kwa vidole vyako."

Akakunja kidole cha kwanza. "Kumi."

Kidole kikabaki pale pale.

"Yaani umefungua saa kumi, umefunga saa kumi. Maji ya saa moja yako wapi? Hiyo kumi ni pa kusimama, hujatembea bado. Saa ya kwanza inakwisha kumi na moja. Ya pili kumi na mbili. Ya tatu, moja. Ya nne, mbili. Ya tano, tatu."

Mwenyekiti akarudia kwa midomo bila sauti. Akasema, "Ni tatu. Wana haki ya maji."

Jirani mmoja, yule aliyekuwa akimfuata shemeji kwa zamu miaka yote, akaanza kuondoka pole pole. Nilimwona. Kumbe yeye alijua. Kila zamu alipokea ile saa akanyamaza.

Lakini mwingine naye alikuwa anahesabu. Dada. Alikuwa ukingoni, anakunja vidole vya ule mkono ulioungwa vibaya, anaanzia kumi na moja. Alipofika tatu akavitazama.

"Wewe ulikuwa unafunga saa mbili," akamwambia mumewe. "Kila zamu. Kwa mkono wako mwenyewe."

Shemeji akarudi nyuma hatua moja.

"Maji hayakuwepo," dada akasema. "Nilikuwa naongoza nini?"

Akashuka mferejini kumwendea mumewe, koleo mkononi, maji yakimfika magotini. Mwenyekiti akaniambia, mshike mwenzako. Nilikuwa karibu kuliko wote. Mikono yangu ilikuwa kwenye kichwa cha mume wangu, na niliiacha hapo hapo.