Siku Tisa za Karani wa Stoo

Kanuni za likizo za kinu chetu cha unga pale Nakuru niliziandika mimi, karani wa ofisi, kwa Kiswahili, na nilijivuna nazo kama mtu aliyejenga nyumba. Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Kabla ya hapo, mtu alipata likizo akimkuta meneja ana furaha, na meneja hakuwa mtu wa furaha nyingi.

Niliandika kwamba kila aliyemaliza mwaka kazini ana haki ya siku kumi na nane. Zisizotumika zinavuka mwaka, zisizidi tisa, na zisipotumika kufikia mwisho wa Machi zinafutwa. Fomu inaanzia kwa mkuu wa idara atie sahihi, inakuja kwangu nihesabu siku na kugonga muhuri wa tarehe, kisha inakwenda kwa meneja. Wawili wanaoshikiana kazi, yaani mmoja akiondoka mwenzake anafanya yake, wasiondoke pamoja. Wakigongana, anatangulia yule ambaye fomu yake ilipigwa muhuri kwanza, ila wanaweza kubadilishana wenyewe kwa maandishi.

Sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Likizo ni haki, mwombaji haulizwi sababu." Fomu ya zamani ilikuwa na mstari wa sababu, na nilimwona mzee aliyechochea moto wa boila akitetemeka akieleza mambo ya nyumbani kwake mbele ya meneja. Nilibishana na meneja wiki nzima mpaka mstari ule ukaondolewa. Wenzangu walinipa mkono.

Aliyeshikiana kazi na mimi alikuwa karani wa stoo, mtu wa magharibi ya Kenya aliyekaa mtaa wa Bondeni, mpole, asiyependa kusumbua watu. Jioni tulitembea pamoja kurudi nyumbani, na sikuwa na rafiki mwingine pale kinuni. Mwaka ule alikuwa ametumia siku tisa wakati wa kupanda mahindi; zilibaki tisa.

Mwishoni mwa Novemba tulijaza fomu Jumatatu moja, meza moja, kalamu moja, sote tukitaka Krismasi. Mkuu wangu aliketi hatua tatu kutoka kwangu, akatia sahihi papo hapo, nami nikaigonga muhuri fomu yangu mwenyewe. Mkuu wake alikuwa ameenda Gilgil kununua mahindi. Fomu yake ilinifikia Jumatano.

Alikuja akasimama karibu na meza yangu. "Ndugu, wewe huwezi kwenda Januari?"

Mimi nilikuwa nimenunua baiskeli mpya. Nilitaka kufika nayo kwetu Molo siku ya Krismasi, watu wakitoka kanisani wanione. Hiyo ndiyo sababu yangu, yote. Na kwa vile aliomba kwa sauti ya chini namna ile, nilidhani ni jambo dogo.

"Sheria ni msumeno," nikamwambia. "Na siku zako hazipotei, zinavuka mpaka Machi."

"Sawa, karani," akasema, akarudi stoo. Kila siku aliniita ndugu. Siku ile aliniita karani. Nilisikia, nikaendelea na kazi.

Niliporudi kutoka Molo nilimkuta amenyoa kichwa. Mama yake alikuwa mgonjwa tangu Oktoba, akimwita. Simu ya maandishi ya kuarifu kifo chake ilifika siku mbili baada ya Krismasi, akapewa siku tatu za msiba. Treni ilimfikisha Kisumu, akapanda basi, akakuta kaburi limeshafukiwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza. Nilikuwa karibu kumkasirikia, maana hasira ilikuwa nyepesi kuliko kujilaumu.

"Fomu haikuuliza," alisema. Hakusema kwa kunichoma. Aliisoma kanuni yangu, akaiamini, akadhani kumweleza mtu shida zake ni kuvunja heshima niliyompigania.

Nilimwomba aende Januari, nikamwomba Februari. Nilijaza fomu kwa mkono wangu nikamwekea mezani atie sahihi tu. Aliiacha pale mpaka ikapata vumbi la unga. Jioni alianza kupita njia ya reli, peke yake.

Siku ya mwisho ya Machi nilifungua daftari la likizo. Penye jina lake zilikuwa bado siku tisa. Nilikwenda stoo nikamwambia nitazungumza na meneja zibaki, ingawa kanuni haikuruhusu.

Alikuwa akihesabu magunia. Alimaliza safu ile kwanza. "Futa tu," alisema. "Nilikuwa nimemwekea mama."

Nilirudi mezani, nikachukua rula na wino mwekundu, nikazifuta.