Chungu Kinachovuja na Karatasi Niliyoiandika

Mama mukwe wangu alikipika chungu chetu cha kuchujia maji, na kosa lilikuwa katika karatasi yangu. Ninalisema leo kwa urahisi. Siku ile sikulisema upesi.

Karatasi niliombwa na mama nesi wa kliniki, Mzambia anayesema Kibemba na Kiswahili cha sokoni. Vyungu vilifika na maelezo ya Kiingereza, na sisi tuliotoka Kongo wengi hatukisomi. Mimi nilifika darasa la sita, basi nikaonekana mwalimu. Yeye alinieleza, mimi niliandika. Mutu mwingine pengine angeuliza zaidi.

Niliandika hivi: chungu kinakaa ndani ya ndoo yenye robine ya kutolea maji, na kifuniko juu. Mimina maji ya ziwa ndani ya chungu. Yanapita polepole katika matundu madogo sana ambayo jicho haliyaoni. Uchafu unabaki, maji safi yanadondoka ndani ya ndoo. Ukijaza mara tatu za kwanza, maji hayo mwaga. Yakianza kuchelewa, sugua chungu ndani kwa burashi laini, bila sabuni.

Nilidhani nimemaliza. Mutoto wangu mkubwa alikuwa amekufa kwa kuhara mvua zilipoanza, akabaki mdogo wake wa miaka miwili. Watu walisema nimepata nguvu kwa sababu naandika. Sikuwa na nguvu. Nilipewa kalamu nikaandika; ningepewa jembe ningelima.

Kila nyumba ilipata chungu kimoja. Bwana wangu alikuwa Kilwa ya huku ziwani, kwenye kambi ya wavuvi, kwa hiyo chungu tulikipokea mimi na mama yake. Asubuhi iliyofuata nilikwenda shambani, mama mukwe akabaki na mutoto. Niliporudi nilisikia harufu ya mafuta ya mawese. Chungu kilikuwa juu ya mafiga, uji wa muhogo unachemka ndani yake.

“Mama, munafanya nini?”

“Ninamalizia kazi yenu. Walituletea chungu kibichi! Niliweka maji, yote yakatokea chini kama kwa suruali ya mulevi.”

“Lakini mama, karatasi…”

“Jirani alinisomea yote. Nilijaza mara tatu, nikamwaga mara tatu, kikavuja mara tatu. Kwetu hata binti mudogo anajua: chungu kipya unakipaka mafuta, unakipikia uji, kinafunga. Bila hivyo mutoto atakunywa nini?”

Alikuwa anamtazama mjukuu wake aliposema hivyo. Na kweli, ndivyo tunavyofanya vyungu vyetu. Hata mimi nilivifanya hivyo kwa mama yangu. Nilijua, na bado sikukumbuka kuandika.

Kilipopoa tulikisugua ndani, tukakijaza maji. Tulingoja mpaka jua likageuka. Hakikutoa hata tone. Nilimchemshia mutoto maji ya kunywa.

Kesho yake tulikwenda kliniki sisi wawili, mutoto mgongoni kwa mama mukwe. Mama nesi alinusa chungu.

“Mukwai! Mumepika filta?” Alishangaa kwa Kibemba, akacheka, kisha akaacha. “Mafuta na uji vimeziba matundu. Hiki hakitachuja tena. Na aliyeharibu hapati kingine, ndiyo sheria. Huyu bibi hakusomewa karatasi?”

Mama mukwe alitazama chini. Hakunitaja. Nami nilinyamaza muda, lazima niandike hivyo, muda wa kutosha mama nesi kufungua daftari lake. Niliona kwamba nikiendelea kunyamaza mama mukwe atabaki mzee asiyesikia, na mutoto atabaki bila chungu.

“Alisomewa,” nikasema. “Alifanya yote. Mimi sikuandika kwamba kisipikwe.”

Mama nesi alitafuta karatasi yake ya Kiingereza, akaisoma taratibu kwa kidole.

“Hata hii haisemi,” akasema. Haikuwa lazima atuambie, lakini alituambia. “Basi si kuharibu. Mutapata kingine vikifika. Sasa vimeisha.” Akatupa dawa ya kutia ndani ya maji, akatuonyesha kipimo chake. Kisha akanisogezea kalamu na karatasi yangu. “Ongeza, kabla nyumba zingine hazijapika.”

Niliishika kalamu.

“Andika,” akasema mama mukwe. “Hiki chungu kazi yake ni kuvuja. Musikipake mafuta. Musikipike. Kikivuja, muache kivuje.”

Niliandika vile vile, juu kabisa, kabla ya ndoo na robine. Mama nesi alisema ni maneno mazuri. Sikusikia kitu, si aibu, si furaha. Nilitazama tu kama herufi zinasomeka.

Kingine hakijafika bado. Mutoto anakunywa maji yaliyochemshwa, au yenye dawa, na tumbo lake liko sawa mpaka leo. Mama mukwe anapikia maharagwe katika kile cha kwanza. Hakivuji hata kidogo.