Rangi za Duka la Mama Mdogo

Mama mdogo alikuwa na duka la dawa za mifugo na pembejeo pale Kabasa, Bunda, na kwa miaka yote hakuwahi kuandika mzigo uliobaki. Aliangalia rafu tu. Akipita mbele ya rafu na kuguna, ujue kuna kitu cha kuagiza. Mimi niliyefanya kazi ya kuchapa na kutoa kopi jirani yake nilimwambia mara nyingi kwamba mguno si mfumo, nimtengenezee shiti ya hesabu kwenye kompyuta. Alinijibu kwamba kompyuta haijawahi kumlisha.

Kisha mguu wa baba mdogo ukaharibika. Alichomwa na mwiba zizini, nyumbani kwao upande wa Butiama, na kwa kuwa ana kisukari na ubishi, na sijui kipi kati ya hivyo viwili ni kibaya zaidi, alikaa na kidonda mpaka kikatoa harufu. Walipomfikisha hospitali Musoma, madaktari walisema watasafisha, watampa dawa, wataangalia. Hawakusema mguu utabaki, na hawakusema utakatwa. Mama mdogo aliamua kwamba yeye habanduki pale kitandani mpaka mguu ule ujulikane hatima yake.

Tatizo likawa duka. Aliyebaki dukani alikuwa dada mmoja mtu mzima, mama wa watoto watatu, mwaminifu kupita kiasi, anayemjua kila mteja kwa jina la ukoo. Kuuza alijua. Kuagiza hakuwahi, maana rafu zilikuwa zikiguniwa na mtu mmoja tu. Mama mdogo alinipigia akiwa Mwigobero, soko la samaki palepale Musoma, alikokwenda asubuhi kumnunulia mgonjwa sato wa supu.

"Mwanangu, ile shiti yako uliyokuwaga unaniimbia," alisema, "inaweza ikanionyesha duka nikiwa huku?"

Nikamwambia inaweza. Sikusema "si nilikwambia," ingawa lilinijaa mdomoni.

Nilitengeneza jedwali la mtandaoni, lile ambalo watu kadhaa wanaweza kulifungua kila mtu kwenye simu yake na wote wakaona kitu kilekile. Safu ya kwanza jina la bidhaa, ya pili idadi iliyopo, ya tatu kiwango cha chini, yaani kiasi kinachotosha kuuza mpaka mzigo mwingine ufike. Halafu nikaweka kanuni mbili za rangi. Iliyopo ikiwa sawa na kiwango au chini yake, mstari mzima uwe mwekundu. Ikizidi, uwe wa kijani. Pembeni nikachora chati ya nguzo, kila bidhaa na nguzo yake, ili hata mtu asiye na miwani aone nani amesimama na nani amekaa chini.

Nilimpelekea Musoma kumfundisha. Tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Alipoona kanuni niliyoiandika, =$B2<=$C2, akaniangalia kwa mashaka.

"Sasa dola ya nini? Tumeanza kuuza kwa dola?"

Nikamweleza kwamba ile alama inaifunga safu isihame, ili mstari mzima ufuate idadi ileile, la sivyo kila chumba cha jedwali kingejilinganisha na jirani yake na rangi zingevurugika. Akasema hapo kanielewa, maana hata majirani wa nyumbani kwao wako hivyohivyo.

Ilifanya kazi, na nilijisikia sana. Dada wa dukani alikuwa akibadilisha idadi kila anapouza, mama mdogo akiwa Musoma anaona nguzo inashuka. Mstari ukiwa mwekundu, anatoka wodini, anapiga simu duka la jumla palepale mjini, mzigo unapandishwa basi la Bunda. Kisha anarudi kumlisha mgonjwa. Baba mdogo alidai hata yeye aonyeshwe. Akauliza kwa nini dawa ya minyoo ni nyekundu, akaambiwa inakaribia kuisha, akasema basi na yeye apakwe nyekundu. Mama mdogo hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaona haya.

Siku moja dada wa dukani alinipigia. Kulikuwa na mfugaji mbele yake aliyetoka mbali na pikipiki, ng'ombe wake wa maziwa ana ndigana, anataka dawa ya sindano. Nikafungua jedwali. Ndigana: iliyopo saba, kiwango tano, kijani kibichi.

"Si zipo saba?" nikamwambia, na nakiri nilisema kwa ukali.

"Zipo. Lakini zote zimewekwa."

"Zimewekwa nini?"

"Zimewekwa za watu. Mama si anawawekeaga."

Nilifunga kibanda changu nikaenda. Kweli, zile chupa saba zilikuwa rafu ya chini, kila moja imefungwa uzi wa pamba shingoni. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa mama mdogo. Mfugaji akipita akasema, "Niwekee, nitachukua siku ya mnada," basi chupa inafungwa uzi na kuanzia hapo si ya duka tena. Hakuna malipo, hakuna kuandika. Ni neno tu, na uzi upi ni wa nani anajua mwenyewe kichwani. Watu walimpenda kwa hilo. Mtu mwenye ng'ombe kijijini alilala usingizi akijua dawa yake iko mjini inamsubiri.

Jedwali langu lilihesabu chupa. Halikujua neno la mtu. Dawa ile ilikuwa imeisha tangu jana yake, na mimi nilikuwa nimeipaka kijani.

Tulimpigia mama mdogo. Akataja mzee mmoja mwenye chupa iliyowekwa, ambaye ng'ombe wake walikuwa wazima, akasema aombwe kwanza, asipokubali mfugaji aelekezwe duka lingine. Mzee alikubali kwenye simu kabla hatujamaliza kueleza. Mfugaji akaondoka na chupa yake kifuani ndani ya koti. Mimi nikabaki nimesimama pale na elimu yangu.

Jioni ile mama mdogo alinitajia kwa simu vyote alivyokuwa amewawekea watu, kimoja kimoja, bila kukwama. Niliongeza safu mbili: Zimewekwa, na Za kuuza. Za kuuza ni iliyopo ukitoa zilizowekwa. Nikazielekeza kanuni za rangi ziangalie Za kuuza, siyo Iliyopo, na chati nayo nikaihamishia hapohapo. Nilipomaliza, nusu ya duka iligeuka nyekundu na nguzo zikaanguka.

"Yesu wangu!" mama mdogo alisema. "Umenifilisi kwa rangi."

"Sijakufilisi, mama. Ndivyo ilivyo. Nusu ya rafu zako siyo zako."

"Na wasipowekewa kwangu watawekewa kwa nani?"

Nilitaka kubishana naye. Nilikuwa na hoja nzuri kabisa kuhusu mzigo unaolala. Lakini nilimsikia anapumua kwa uchovu wa mtu aliyelala juu ya kiti siku nyingi, nikaiacha. Aliagiza zaidi ya alivyozoea, polepole kijani kikarudi, na safari hii kilikuwa cha kweli.

Ni katika wiki hizo ndipo gambuti zilipoingia dukani. Baba mdogo alikuwa amepata nafuu kidogo, homa imeshuka, akaanza kupanga maisha. Akatangaza wodi nzima isikie kwamba akitoka hapo, zizini harudi na kandambili tena. Ana mguu mkubwa, namba zake hazipatikani ovyo. Mama mdogo alizunguka Musoma mpaka akapata jozi moja ya gambuti namba kumi na moja, akazipandisha basi kwenda Bunda pamoja na chumvi ya mifugo na dawa ya pamba.

"Andika na hizo," akaniambia.

"Si za baba mdogo? Za nini kwenye jedwali la duka?"

"Zimefika dukani, ziandikwe. Iliyopo moja, zimewekwa moja."

Nikaandika kwenye mstari wa mwisho. Za kuuza: sifuri. Kiwango cha chini nikaweka sifuri pia, kwa kuwa hatukuwa na mpango wa kuagiza jozi nyingine. Sifuri haizidi sifuri, kwa hiyo mstari ukawa mwekundu. Nikamuuliza kama nimtolee kanuni hapo, isije ikamchanganya akadhani ni za kuagiza. Akakataa. Alisema anapenda kuziona zinavyowaka pale chini, zinamkumbusha kuna mtu wa kuzivaa. Kwenye rafu dada alizifunga uzi wa pamba, zote mbili pamoja.

Basi kila asubuhi nilipofungua jedwali nikaona wekundu mmoja tu, ule wa chini kabisa, nilijua mambo yako sawa. Duka limejaa, na mguu bado upo. Nilizoea kuutazama ule mstari kabla sijatazama kitu kingine chochote. Mama mdogo naye alikuwa hivyo, aliniambia mwenyewe.

Siku ile nilikuwa kibandani namtolea mwalimu mmoja kopi za mitihani. Jedwali lilikuwa wazi kwenye kompyuta. Nikaona kile kisanduku kidogo cha rangi kinachoonyesha kuna mtu mwingine ndani, kimeshuka mpaka mstari wa mwisho, kikasimama kwenye Zimewekwa. Kilikaa pale muda mrefu. Nikadhani simu ya mama mdogo imekatika mtandao.

Kisha ile moja ikafutika, ikaja sifuri.

Za kuuza ikawa moja. Mstari mzima ukageuka kijani, na mwishoni mwa chati, pale ambapo hapakuwahi kuwa na kitu, kikachomoza kinguzo kifupi. Kanuni zote zilifanya kazi kama nilivyoziandika.

Sikuhitaji simu. Nilijua madaktari wameshasema hatima ya ule mguu. Mwalimu aliniuliza mbona nimesimama, nikamwambia karatasi zimekwama, na hazikuwa zimekwama. Nikainama kwenye kompyuta, nikaenda kwenye kile chumba, nikaandika moja. Mstari ukawa mwekundu tena. Sijui nilikuwa nataka nini. Nadhani nilikuwa nataka kumwambia asubiri, waulize tena, waende hospitali nyingine, chochote.

Kile kisanduku hakikuondoka. Tulikuwa wawili tumesimama kwenye chumba kimoja, mimi Bunda, yeye nje ya wodi Musoma.

Akaandika sifuri. Safari hii sikuigusa.