Fundi Aliyepima Mchana

Mtaani walimwita Mia Tatu, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuunganisha intaneti majumbani. Akishafunga ruta ukutani na kukaza skrubu ya mwisho, alisimama katikati ya sebule, akapima spidi kwa simu yake, kisha akamgeuzia mteja kioo. Megabiti mia tatu. Mteja akatabasamu, akatia saini, mambo yakaisha. Kizuri chajiuza, alipenda kusema, ingawa mwenye macho aliona kwamba muuzaji alikuwa yeye mwenyewe.

Ili mia tatu ipatikane alikuwa na mazoea yake. Kila ruta aliiweka kwenye chaneli pana, megahezi themanini, na kila mara katika sehemu ile ile ya masafa, kwa sababu vidole vilishaizoea. Alifanya kazi mchana, watu wakiwa makazini na watoto shuleni, hewa ikiwa tupu. Ikifika saa kumi na moja alishavua buti nyumbani kwake. Malalamiko ya jioni yalipokelewa na watu wengine, kwenye simu nyingine, wala hayakumfikia. Hakuwa mwongo. Namba ilikuwa ya kweli kwa saa aliyoipima.

Dada yake mkubwa aliishi ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo Mia Tatu alikuwa amelifungia intaneti karibu lote. Dada huyo alikuwa mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi akiwa hospitali au ofisini hupiga simu ya video kituoni, na kituo humuunganisha na dada. Dada huitazama mikono yake na kumsemea kwa sauti, halafu humrudishia majibu kwa mikono. Mchana alimhudumia mama yao, ambaye miguu ilikuwa imeanza kumgomea, kwa hiyo alibakiwa na zamu ya jioni peke yake. Na jioni ndiyo saa ambayo picha iliganda.

"Juzi mtu yuko mbele ya nesi," alimwambia mdogo wake, "mkono ukasimama hewani. Picha inarudi, ameshamaliza kusema. Namwomba arudie, inaganda tena. Mara tatu! Nesi akachoka, akakata. Msimamizi ameniambia ikitokea tena wiki hii, zamu anapewa mwingine."

"Si ni spidi tu hiyo, dada? Nakuongezea."

"Na waya?"

"Waya si ulishamwangusha mama?"

Hilo lilikuwa kweli. Ruta ilikuwa sebuleni, dada alifanyia kazi chumbani, na waya uliopita mlangoni mama aliukwaa siku ya kwanza tu.

Kesho yake, saa sita mchana, Mia Tatu akaja akaipanua chaneli mara mbili, kutoka themanini hadi mia na sitini. Akapima. Mia tano na kitu. Akamgeuzia mama kioo, mama akapiga makofi bila kujua anashangilia nini. Jioni ile picha iliganda kuliko siku zote, na kilichomwokoa dada ni kwamba waliompigia walikuwa wawili tu, wote wenye shida ndogo.

"Sasa sikiliza," dada alimwambia kwenye simu, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Kesho usije mchana. Njoo saa moja jioni, ukae kwenye kiti changu."

Akaja. Zamu ilikuwa bado haijaanza. Dada alimwomba mfanyakazi mwenzake, kiziwi mwenye maneno mengi kupita wenye kusikia, apige simu ya majaribio. Mwenzake huyo akaanza kusimulia habari za fundi bomba aliyemwekea maji ya moto chooni. Mikono ikaenda mbio, ikapunguza mwendo, ikafika pale penyewe, ikaganda. Picha iliporudi mwenzake huyo alikuwa akifuta machozi ya kicheko.

"Amesema nini?" Mia Tatu akauliza.

"Sijui. Wewe ndiye fundi, niambie."

Mganga hajigangi. Akatoa simu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi akaitazama hewa ya jengo lile saa za jioni. Mitandao ilijaa kioo kizima, mmoja juu ya mwingine. Majina ya mingi aliyajua, kwa sababu ni yeye aliyeyaandika: wa juu, wa chini, wa mkabala, wa kando ya ngazi. Yote ilikuwa na upana wa themanini, yote pahali pamoja. Aliyembana dada yake alikuwa yeye.

Mambo yenyewe si magumu. Mitandao iliyo kwenye masafa mamoja hupeana zamu. Kila mmoja husikiliza kwanza, na ukisikia mwingine unasema, unangoja. Anayetaka upana wote ni kama mtu anayetaka kulala kwenye benchi la zahanati: lazima nafasi nne ziwe wazi kwa wakati mmoja. Mchana benchi ni tupu, basi analala na kunyoosha miguu. Jioni anasimama. Tena nguvu ya ruta ni ile ile, ukiitandaza eneo kubwa inakuwa nyembamba, na ukuta wa chumbani unaimaliza. Mia Tatu aliyasoma haya zamani chuoni. Hayakuwahi kumletea saini ya mteja hata mmoja.

Akatafuta. Katikati ya fujo ile vilibaki vipande viwili vitatu vyembamba ambavyo hakuna aliyevikalia. Akaiteremsha chaneli ya dada hadi megahezi ishirini, akaiweka kwenye kimoja. Akapima, halafu akaitia simu mfukoni haraka.

"Ngapi?" dada akauliza.

"Achana nayo."

"Ngapi, wewe?"

"Tisini." Alilitamka kama mtu anayekiri wizi. Lakini video yenyewe haihitaji hata kumi, inachohitaji ni mawasiliano yasikatike.

Mwenzake akapiga tena, akarudia kisa chote cha choo mpaka mwisho, na dada akacheka hadi akashika meza. Kisha zamu ikaanza, akafunga mlango.

Mia Tatu akakaa sebuleni kuitazama ruta. Kwa kawaida dada aliacha redio ikilia huko ili siri za watu zisisikike, lakini mama alikuwa ameizima apate kusinzia. Sauti ya dada ikapenya ukutani. Mkalimani husema kama yeye ndiye mwenye maneno, na majibu ya upande wa pili yako ndani ya vipokea sauti, kwa hiyo Mia Tatu alisikia upande mmoja tu.

"Hapana, sindano hiyo msinichome. Hiyo ndiyo inayonivimbisha koo." Kimya. "Ndiyo, nina uhakika." Kimya tena, kirefu, bila mkato wowote. "Niliwaambia siku ile. Niliwaambia mara tatu, picha ikaganda, mkakata simu mkanichoma hiyo hiyo. Nilikosa pumzi. Ndiyo maana mpaka leo mmenilaza hapa." Kimya. "Basi iandikeni, kubwa, juu ya kitanda."

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu asijue pa kuiweka mikono yake. Akainuka polepole asimwamshe mama, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, akabisha mlango wa kwanza. Mwenye nyumba alipomwona akafurahi.

"Karibu fundi! Umekuja kutuongezea?"

"Hapana," Mia Tatu akasema. "Nimekuja kupunguza."