Kaunta ya Nne ya Ndege ya Kinshasa

Kila Jumamosi ndege ya Kinshasa iliruka kutoka uwanja wetu wa Ulaya saa nne na nusu asubuhi. Kaunta tulizifungua saa moja na nusu, tukazifunga saa tatu na nusu, saa nzima kabla ya safari. Katikati hapo ndipo nilipozeekea.

Kompyuta ya ofisini iliamini kwamba abiria huja kwa mchoro wa kilima: wachache mwanzoni, wengi masaa mawili kabla ya safari, kisha wanapungua. Kilima hicho kilichorwa kwa ajili ya watu wengine. Wetu walifika saa kumi na mbili, wamesindikizwa na shangazi watatu na mizani ya mkononi ambayo hakuna aliyeiamini. Tulipofungua, nusu ya ndege ilikuwa imeshasimama kwenye foleni. Tena kompyuta ilimpa kila abiria dakika mbili. Dakika mbili zinamtosha mtu mwenye mkoba wa kompyuta. Kwetu sanduku hufunguliwa sakafuni, viatu huhamia kwa binamu, binamu naye anazidisha kilo, viatu vinarudi.

Nilikuwa msimamizi wa zamu, na nilikuwa na kaunta tatu. Nikamwendea mkubwa wa kupanga zamu, mzungu Mflamani mpole asiyependa kelele. Nikaomba kaunta mbili ili nipewe moja.

"Moja," akasema. "Kwa Jumamosi mbili. Nikiikuta imelala saa ya kwanza, naiondoa."

Hiyo kaunta ya nne ilikuwa ya maman mmoja wa Lubumbashi, mkazi wa mtaa wa Schaerbeek, aliyeajiriwa kupitia wakala kwa mkataba wa wiki kwa wiki. Miaka miwili alikuwa akitia sahihi kila wiki. Kaunta ikibaki, mkataba wa kudumu ni wake. Ikiondolewa, anaondoka nayo.

Jumamosi ya kwanza foleni iliyeyuka kabla ya saa mbili na nusu. Niliwahesabu watu, nikarudia. Mkubwa akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Jumamosi ya pili alikuja mwenyewe na kahawa yake. Saa moja na nusu, kaunta nne wazi, na mbele yazo familia moja na mtoto aliyelala juu ya toroli. Nikahesabu mara mbili. Haikuchukua muda. Maman alikuwa amekaa wima, vidole juu ya kibodi, kama anayesubiri kupiga kinanda.

Nikamwinamia. "Maman, watu wako wapi?"

"Banakuya, tonton," akajibu kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi: wanakuja, mjomba.

"Saa ngapi?"

Akaitazama mizani. "Dimanche, siku ya ibada, niliambia batu ku kanisa. Nilisema, bon, sasa guichet ya kaunta iko ine, foleni haiko tena, mulale kidogo."

"Uliwaambia wangapi?"

"Nilisema ku micro, tonton."

Kwenye kipaza sauti: yaani kanisa zima. Nikakaa kwenye mkanda wa mizigo. Ilikuwa marufuku.

Saa mbili na nusu wakaingia wote kwa pamoja, wamelala vizuri, wamependeza. Foleni ikafika kwenye milango ya vioo. Kaunta nne hazikutosha. Tulifunga dakika kumi baada ya muda, na abiria wa mwisho alikimbia na viatu mkononi.

"Saa ya kwanza ilikuwa tupu," mkubwa akasema.

"Na ya pili?"

"Tulipatana kuhusu ya kwanza."

"Basi usiiondoe, isogeze. Tatu zifunguliwe saa moja na nusu, ya nne saa mbili na nusu. Ndege ikishafungwa, maman ahamie kwenye kaunta ya watalii waendao Hispania. Hutalipa kiti kinacholala."

Alikunywa kahawa ambayo nina hakika ilikuwa imepoa. Nikamwacha anywe. Bei ikishatajwa, anayesema kwanza ndiye anayepunguza. Mwishowe akasema sawa, na Ijumaa maman akatia sahihi mkataba wa kudumu, kuanza zamu saa mbili na nusu. Alilia kidogo, akaniuliza kama na pause, ule muda wa mapumziko, inalipwa.

Jumamosi iliyofuata nilishuka kwenye basi nikiwa na usingizi wa miaka. Saa kumi na mbili na robo, na ukumbi ulikuwa umejaa. Kanisa lilikuwa limesikia kwamba maman alikaribia kupoteza kazi kwa sababu ya foleni fupi. Walikuja wote, mapema kuliko wakati wowote. Wawili hawakuwa hata na tiketi.

Mkubwa alitokea saa moja na nusu. Akaitazama kaunta ya nne, taa imezimwa, kisha foleni, kisha mimi. Nami sikuwa na bei ya kutaja.

Baba mmoja mzee wa kanisani, mwenye suti, akanivuta mkono. "Tonton, tumekuya kujaza mustari ya maman. Ye iko wapi?"

"Iko anavaa viatu ku nyumba, papa. Atafika saa mbili na nusu."

Akafikiri, akalilaza sanduku lake, akalikalia kumngoja maman.