Kimya cha Papa Ephraïm

Mbambu hakupenda simu, na sababu yake aliitoa bure kwa yeyote mwenye muda wa kusikiliza: simu inamfundisha mtu kusema asichokiona. Yeye aliuza makayabu, yaani samaki wa chumvi, kwenye soko kuu la Bunia tangu ukoo wao uhame Butembo miaka ishirini iliyopita, na aliuza kwa koo lake mwenyewe. Ukiwa upande wa wauza vitenge ulimsikia.

Kaka yake Ephraïm, dereva mstaafu, alikuwa mtu wa simu. Ndiye aliyeanzisha kundi la WhatsApp la madereva na wafanyabiashara wa njia ya Tchomia, bandari ya wavuvi ziwani, watu karibu mia tatu. Mwaka uliotangulia mtu mmoja alijipenyeza humo akaandika kwamba njia ni salama, na gari lililoondoka kwa maneno yake halikufika. Tangu siku hiyo Ephraïm alilifunga kundi, akawa yeye peke yake anayeandika. Sheria yake ilikuwa fupi: nikiandika, msitoke, nikinyamaza, nendeni, na msiamini neno lolote lisilotoka kwangu. Kila asubuhi watu watatu waliokaa kando ya njia walimpigia kumwambia walichokiona. Majina yao aliyajua yeye tu.

Jumanne moja ya mwaka 2023, kabla ya saa moja asubuhi, Ephraïm alianguka bafuni. Hospitalini walisema mshipa umeziba kichwani. Macho yake yalikuwa wazi, lakini mdomo ulivutwa upande, mkono wa kulia umekufa, na neno halikutoka hata moja. Simu yake ilizimika kwa kukosa chaji. Séphora, mkewe, aliichomeka kwenye chumba cha wauguzi na kuiwasha tena, kwa moyo mweupe kabisa.

Saa tatu na robo simu hiyo ikaita. Kupokea hakuhitaji kode, yaani namba ya siri, na Mbambu, aliyekuwa amekimbia kutoka sokoni, akapokea.

"Papa Ephraïm," sauti ya mwanamume ilinong'ona. "Wako mu njia, pale kwa mupando. Wengi, na silaha. Andika mbio!" Ikakatika.

Mupando ulikuwa ule mlima ambao kila gari la Tchomia lazima liukwee. Binti yake Estelle alikuwa Tchomia tangu Jumapili kuchukua samaki, simu yake haina chaji, na gari lake lilikuwa la saa nne. Na kundi lilikuwa kimya. Kwa sheria ya Ephraïm, kimya kilikuwa kinawaambia madereva waje.

Séphora alikwishakamata kidole gumba cha mumewe na kukibandika kwenye kioo. Simu ilikataa. Ikitoka kuzimwa inadai kode kwanza, ndipo itambue kidole. Akajaribu mwaka wa ndoa yao, akajaribu mwaka wa kuzaliwa Rémy, mtoto wao wa kwanza, mara tano. Simu ikamwambia angoje.

"Mama Rémy, acha kile kidole," alisema Adèle, msaidizi wa jamii wa hospitali, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Hawezi kusema ndiyo, hawezi kusema hapana. Ile haiko ruhusa."

"Mimi ni bibi yake!"

"Bibi, ndiyo. Munganga atakuuliza juu ya dawa, na utajibu. Lakini kufungua simu yake na kuandika kwa jina lake ni kitu ingine. Tribunali, ile korti, ndiyo inaweza kutaja mutu wa kusimamia vitu vyake, na ile inakamata wiki mingi."

Wiki! Mbambu alicheka kicheko kibaya, akatoka mbio hadi kwenye kibanda cha Katsuva, fundi wa simu aliyekaa mbele ya hospitali.

Katsuva aliigeuza simu mkononi, akatikisa kichwa. "Naweza kuifuta yote, Mama Estelle, lakini mutabaki na simu mutupu. Naweza kutia SIM mu simu ingine, WhatsApp itatuma kode kwa SMS. Kisha itauliza kode ya pili, ile aliweka yeye-mwenyewe kisha yule muongo kuingia mu kundi. Bila ile, ni kungoja siku saba." Akamrudishia simu kwa mikono miwili. "Na hata ningeweza, singefungua. Mule ndani kuna majina ya wale watatu. Yakitoka, watu watakufa."

"Basi mutoto wangu akufe yeye?"

Katsuva hakukasirika. Aliuliza swali la kijinga, kwa maoni ya Mbambu. "Weye uko mu lile kundi?"

Alikuwemo, kwa ajili ya samaki.

"Kuandika huwezi, lakini majina unayaona. Fungua. Namba ya kila mutu iko pale. Piga simu, mama, hakuna mutu anakukataza kupiga simu."

Mbambu alijiita punda, kwa sauti, akarudi wodini huku anapiga. Dereva wa kwanza wa Tchomia hakupokea. Wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa Ephraïm anaandika yeye-mwenyewe," akakata. Wa tatu alimwita mwongo. Walikuwa wanafunzi wazuri, na mwalimu alikuwa amelala mbele yake akitazama dari. Saa ilikuwa nne na dakika tano.

Wa nne aliitwa Xavier, na nyuma ya sauti yake injini ilikuwa inanguruma.

"Tumeisha toka, mama. Kundi iko kimya, njia iko muzuri."

"Ile kimya haiko jibu! Yaya Ephraïm, kaka yangu..."

Séphora akamshika mkono kwa nguvu. "Usiseme!" Tangu asubuhi alikuwa amemkataza. Wenye silaha wakijua kwamba mlinzi wa njia ameanguka, wataifanya njia kuwa yao, na nyumba yake itabaki na wanawake tu. Hofu hiyo haikuwa upuuzi, na Mbambu aliijua. Lakini jina la Ephraïm halikuwa lake kuandikia uongo, wala kimya chake hakikuwa cha kuachiwa kiue watu.

"Iko hospitali," alisema. "Hawezi kusema, hawezi kuandika. Mutu wake mumoja amepiga simu, njia imekatwa pale kwa mupando. Simama!"

"Nitajuaje? Yeye alitukataza kuamini mutu."

Ndipo Séphora akamnyang'anya simu.

"Xavier, ni mimi, Mama Rémy, nilikupikia sombe Noeli. Bwana yangu iko mbele yangu, mudomo umepinda. Unafikiri naweza kumusingizia ugonjwa?" Akaanza kulia. "Simamisha ile gari!"

Injini ikanguruma, ikapungua, ikazimika. Wakasikia mlango, watu wakilalamika, na katikati ya malalamiko sauti moja inauliza kwa nini wamesimama na wateja wanangoja samaki. Mbambu akakaa chini sakafuni. Hiyo ilikuwa sauti ya Estelle, na ilikuwa imekasirika.

Xavier aligeuza gari, akawapigia wenzake mwenyewe. Mchana ule madereva walifungua kundi jipya, na safari hii walioruhusiwa kuandika walikuwa watatu.

Jioni Séphora alinyoosha mkono kuizima simu ya mumewe, ili mgonjwa apumzike. Mbambu, asiyependa simu, alimzuia. Ikaita. Alikuwa dereva wa pili, yule aliyemkatia.

"Namutafuta Papa Ephraïm. Najua hawezi kujibu."

Mbambu aliiweka simu kwenye sikio la kaka yake. Baada yake akapiga wa tatu, kisha mwingine, na mwingine, na kila mmoja alipouliza kama mzee anasikia, Mbambu alimjibu vilevile: "Sema tu, anasikia."